Kuinuka kitini: miguu iwe wapi, pua ifike wapi, na msuli gani unabeba nini

Keti kwenye kiti cha plastiki, miguu chini ya magoti, muundi umesimama wima. Fumbata mikono kifuani, nyoosha mgongo kama uliyefungwa ubao, kisha jaribu kusimama bila kuinama mbele hata kidogo. Huwezi. Kijana anayebeba magunia stesheni ya Tabora naye hawezi, ingawa mapaja yake yana nguvu za kutosha kwa watu wawili.

Kinachokosekana hapo ni mahali pa kuweka uzito. Ukiwa umeketi, uzito wa mwili unabebwa na makalio pamoja na mapaja, na nyayo zinabeba kidogo tu. Ili usimame, uzito wote lazima uhamie juu ya nyayo, na nyayo ziko mbele ya makalio kwa nusu mita hivi. Ukijaribu kujinyanyua kabla ya kuuhamisha, unarudi kitini kwa kishindo. Ndiyo maana mtu anayeshindwa kuinuka mara nyingi ameshashindwa kabla makalio hayajaachana na kiti, na kumwambia "jikaze" hakumsaidii kitu.

Kupanga miguu

Sogea mbele mpaka nusu ya mapaja iwe nje ya kiti. Usisogee kwa kujisukuma kwa mgongo, utateleza na kuishia umelala. Hamisha uzito kwenye kalio moja, peleka jingine mbele, kisha badilisha, kama mtu anayetembea kwa makalio.

Sasa vuta miguu nyuma mpaka visigino viwe sentimita 10 hivi nyuma ya mstari wa magoti, nyayo zote mbili zikiwa zimelala sakafuni na zimeachana kwa upana wa nyonga. Sentimita hizo 10 ndizo zinazoamua mengi. Mtu mwenye muundi wa sentimita 40 akivuta mguu nyuma kiasi hicho, kifundo cha mguu kinajikunja kama nyuzi 15, yaani muundi unalala mbele juu ya unyayo. Kifundo kikiwa kikavu, kwa sababu msuli wa shavu la mguu umefupika au kwa sababu ya teguko la zamani, kisigino kitanyanyuka. Mtu hatajua kwa nini. Atasogeza tu mguu mbele ili apate nafuu, na hapo safari yote inakuwa ndefu zaidi.

Kiti kenyewe kinaweza kukunyima nafasi hii. Angalia chini yake: kama fundi ameweka mbao ya kuunganisha miguu ya mbele karibu na sakafu, au kama kochi limezibwa mpaka chini, visigino havina pa kwenda. Ukimwagiza seremala kiti cha mninga kwa ajili ya mzee, mwambie mbao za kuunganisha aziweke pembeni na nyuma, na mbele aache wazi.

Kuinama: kazi ya nyonga, siyo ya mgongo

Watu wengi wakiambiwa wainame hukunja mgongo na kuangalia magoti. Kichwa kinashuka lakini nyonga haijasogea, na uzito umebaki pale pale kitini. Kuinama kunakotakiwa kunatokea kwenye nyonga: kiuno kinabingirika kutoka kwenye kifupa cha mkia kwenda juu ya mifupa miwili ya kukalia, kifua kinakwenda mbele kikiwa kimefunguka, macho yanaangalia kitu kilicho mita mbili au tatu mbele. Pua inatakiwa kufika juu ya vidole vya miguu.

Misuli inayoanzisha mwendo huu ni ile mirefu inayopita ndani ya tumbo na kukunja nyonga. Lakini kiwiliwili kikishaanza kuinama kinaanguka chenyewe kwa uzito wake, na hapo kazi inakuwa ya kufunga breki. Misuli ya makalio, misuli ya nyuma ya paja na ile mirefu ya mgongo inakishikilia kisiporomoke. Wakati huohuo msuli wa mbele ya muundi unauvuta muundi mbele na kuutuliza mguu sakafuni. Weka vidole vyako pembeni mwa mfupa wa muundi, upande wa nje, kisha anza kuinama: utausikia ukikaza mapema, kabla makalio hayajasogea. Msuli huu hausifiwi na mtu, lakini ukilegea, kama unavyolegea kwa baadhi ya watu waliopata kiharusi, mguu unateleza mbele pale pale mtu anapouhitaji utulie.

Makalio yanapoachana na kiti

Hapa ndipo penye mzigo mkubwa kuliko pote. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unakunjua goti, makalio pamoja na misuli ya nyuma ya paja yanakunjua nyonga, na vyote vinatakiwa kwa wakati mmoja, viungo vikiwa bado vimekunjika sana.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kuinama kunasaidia. Tuchukue mtu wa kilo 68. Ukiondoa miundi na nyayo, juu ya magoti kuna kama kilo 60. Tuseme makalio yameachana na kiti na uzito huo unashuka kwenye mstari ulio sentimita 20 nyuma ya magoti. Msuli wa paja unalivuta goti kupitia kano iliyo sentimita 4 tu kutoka katikati ya kiungo. Kwa hiyo ili kushikilia mzigo huo lazima uvute mara tano ya uzito: kilo 300, ambazo zikigawanywa kwa magoti mawili ni 150 kila upande. Mtu huyohuyo akiinama zaidi na kuvuta miguu nyuma, mstari wa uzito ukafika sentimita 12 nyuma ya magoti, kila paja linavuta kama kilo 90. Haya ni makadirio, hayahesabu misuli inayovutana upande wa pili wala kasi ya mwendo, lakini uwiano wake ndio unaotuhusu: sentimita 8 zimepunguza mzigo wa paja kwa zaidi ya theluthi.

Mzigo huo haukupotea. Sehemu yake imehamia kwenye nyonga na mgongo, kwa sababu kadiri kifua kinavyokwenda mbele ndivyo makalio na misuli ya mgongo inavyobeba zaidi. Mwenye magoti dhaifu anainama sana, mara nyingi bila kufundishwa na mtu. Mwenye maumivu ya nyonga au mgongo anakataa kuinama, na magoti yanalipa. Ukimtazama mtu akiinuka kwa pembeni, kiasi anachoinama kinakuambia ni kiungo gani anakikinga.

Usisubiri ukiwa umeinama. Kuinama na kujinyanyua ni mwendo mmoja. Kasi ya kifua kwenda mbele inasaidia kuyabandua makalio. Ukiinama, ukatulia, kisha ukaanza upya kunyanyuka, umeitupa kasi hiyo na mapaja yatalazimika kufanya yote. Kuna wanaofanya hivyo kwa makusudi kwa sababu wanaogopa kuanguka mbele, na si kosa, ila ni njia ya gharama.

Kumalizia

Kutoka hapo juu nyonga na magoti yanakunjuka pamoja, na mzigo unapungua kadiri unavyopanda. Msuli wa shavu la mguu sasa ndio unaoshika breki ili mwili usipitilize mbele. Simama wima kabisa, magoti yamenyooka, kisha hesabu mpaka tatu kabla ya hatua ya kwanza. Mtu anayeanza kutembea akiwa bado amejikunja anaweza kupepesuka hatua ya pili au ya tatu, na lawama zitakwenda kwenye zulia.

Kizunguzungu kikija akishasimama, hiyo ni habari nyingine. Shinikizo la damu linaweza kushuka mtu anaposimama, hasa kwa mwenye dawa za presha au aliyeharisha. Ikipimwa ndani ya dakika tatu za kusimama na namba ya juu ikashuka kwa 20 au zaidi, tatizo ni la kituo cha afya, wala mazoezi ya mapaja hayataliondoa.

Bibi wa Ng'ambo na kochi lake

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 71, kilo 68, anayeishi Ng'ambo mjini Tabora. Malalamiko ya nyumbani ni kwamba "miguu imekwisha": haamki kwenye kochi mpaka mjukuu amvute kwa mikono miwili, na goti la kulia limeanza kuuma.

Anza na utepe wa kupimia, si na bibi. Kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo wa nyuma ya goti lake ni sentimita 41. Kochi likiwa tupu lina sentimita 42, lakini sponji imechoka, akiketi linabonyea mpaka 34. Maana yake nyonga zake ziko chini ya magoti, na kila sentimita ya kushuka inaongeza kazi pale makalio yanapoachana na kiti. Kina cha kochi, kutoka ukingo wa mbele mpaka mgongo, ni 60, wakati paja lake kutoka kalio mpaka mkunjo wa goti ni 46. Akiegemea anakuwa amelala nusu. Na mbele kochi limezibwa kwa ubao mpaka sakafuni.

Sasa muweke kwenye kiti cha meza ya kulia, cha mbao, sentimita 44, kimeegemezwa ukutani. Mikono kifuani, ainuke na kuketi mara tano haraka awezavyo, ukihesabu kwa saa ya simu tangu useme "haya" mpaka aketi mara ya tano. Anatumia sekunde 19. Wapimaji wa nguvu za misuli kwa wazee huchukulia zaidi ya sekunde 15 kuwa dalili ya udhaifu. Kwa hiyo miguu imedhoofika kweli, lakini "imekwisha" si neno lake: kwenye kiti cha maana anainuka mwenyewe mara tano bila mkono.

Mtazame tena, safari hii kutoka mbele. Mguu wa kushoto unakaa mbele ya wa kulia kila mara, na mwili unaegemea kulia akinyanyuka. Mwambie, "Bibi, vuta na wa kushoto nyuma ulingane na mwenzake." Akiuvuta, kisigino kinanyanyuka. Hapo pima kifundo: asimame akiwa ameshika ukuta, unyayo ukielekea ukutani, apeleke goti mbele mpaka liguse ukuta bila kisigino kubanduka, kisha pima umbali mkubwa kabisa anaoweza kati ya kidole gumba na ukuta. Kulia ni sentimita 9, kushoto 4. Goti la kulia linauma kwa sababu mguu wa kulia umekuwa ukiinuka peke yake. Ukimpa dawa ya kuchua goti la kulia ukaacha kifundo cha kushoto, utakuwa unachua mpaka mwakani.

Matengenezo yanaanza na kochi kwa sababu linajibu siku hiyohiyo. Weka ubao chini ya mto wa kukalia ili lisibonyee. Nunua kwa seremala vipande vinne vya mninga, vichongwe shimo la juu ili mguu wa kochi ukae ndani usiteleze, na chini ya shimo mbao ibaki na unene wa sentimita 8. Vipande vilivyowekwa tu bila shimo ni hatari kuliko kochi fupi. Kochi sasa lina karibu 50, likikaliwa linabaki 47 hivi, na kwa bahati nzuri ule ubao wa mbele umepanda pia: kuna upenyo wa sentimita 8 ambamo visigino vinaweza kuingia. Mto mgumu wa unene wa sentimita 14 ukiwekwa mgongoni, kina kinabaki 46, sawasawa na paja lake.

Kifundo cha kushoto kinanyooshwa kila siku akiwa ameshika ukuta, mguu huo nyuma, kisigino chini, goti *limekunjwa kidogo*. Goti likinyooka kabisa unavutika zaidi msuli wa juu wa shavu. Tunaoutaka hapa ni ule wa chini yake, kwa sababu mtu akiinuka kitini goti lake limekunjika. Sekunde 30, mara nne.

Kisha zoezi lenyewe, ambalo ni kuinuka kitini. Aanze kwenye kimo anachoweza kuinuka mara nane bila mikono na kubaki na nguvu za mara mbili tatu zaidi. Kwake ni sentimita 48: kile kiti cha 44 pamoja na mbao mbili za sentimita 2. Afanye mara nane, apumzike dakika mbili, arudie mpaka seti tatu, siku tatu kwa wiki. Kushuka kuchukue sekunde tatu. Kuketi ni kazi ya misuli ileile ikirefuka huku imekaza, na mtu anayejitupa kitini anaikwepa nusu ya zoezi. Seti zote tatu zikipita vizuri siku mbili mfululizo, ondoa ubao mmoja. Usitumie blanketi lililokunjwa badala ya mbao. Linabonyea, na hutajua kamwe umefika kimo gani.

Wakati wa zoezi angalia magoti kwa mbele. Yakigongana anaponyanyuka, misuli ya pembeni mwa nyonga imelegea. Funga kanga kuzunguka mapaja, juu kidogo ya magoti, na mwambie aisukume kwa nje wakati wote. Akisukuma mapaja kwa mikono, kiti ni kifupi mno kwa siku hiyo, rudisha ubao. Goti likivimba na kuwa la moto, simamisha. Na mguu mmoja ukilegea ghafla leo wakati jana ulikuwa mzima, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Rudia kipimo cha mara tano kila baada ya wiki nne, kiti kilekile, ukuta uleule. Kubadilisha kiti kwa sentimita tatu tu kunaharibu ulinganisho.

Mjukuu asimame wapi

Kumvuta mtu kwa mikono miwili kunafanya kinyume cha kinachotakiwa: anaegemea nyuma kupinga mvuto, pua inabaki nyuma, na unambeba mzima mzima. Kwa aliyepata kiharusi, kuvuta mkono uliolegea au kumnyanyua kwa kwapa kunaweza kuumiza bega. Simama pembeni, upande wake dhaifu, mkono mmoja nyuma ya kiuno na mwingine mbele ya bega bila kushika nguo. Ukiwa mbele yake unaziba njia ya kichwa, naye hataki kukugonga, kwa hiyo hainami. Mwambie, "Bibi, kifua kije mbele, macho mlangoni," na msukumo wako uende mbele, si juu. Kama ana kiharusi, mguu dhaifu ukae nyuma kidogo ya ule mzima. Ukiuacha mbele, ule mzima utafanya yote na dhaifu hautapata zoezi.

Kigoda ni habari nyingine

Yote haya yanahusu kiti. Akina mama wanaoanua dagaa Kibirizi au wanaopasua chikichi vijijini Kigoma wanakalia vigoda vya sentimita 20, na kwa kimo hicho hesabu inageuka: magoti yamekunjika kupita nyuzi 120, na kwa wengi visigino havishiki chini. Mwenye nguvu anainuka bila kufikiri. Aliyedhoofika asijaribu kuinuka moja kwa moja. Ageuke pembeni, aweke viganja chini, apige magoti yote mawili, kisha asimamishe mbele mguu ulio na nguvu zaidi, unyayo mzima ardhini, mikono juu ya paja la mguu huo. Kidole gumba cha mguu wa nyuma kikunjwe kishike ardhi. Pua ipite mbele ya goti, na kutoka hapo asukume.